Majivu yanayolainisha springi huivunja tupa: siri ya kaboni katika chuma cha wahunzi wa Ngara na Biharamulo

KATIKA karakana za wahunzi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kama ilivyo kwa wahunzi wengi nchini, malighafi kubwa ni chuma chakavu. Barabara inayotoka Isaka kwenda mpaka wa Rusumo na ule wa Kabanga hupitisha malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, na malori huvunja springi. Springi iliyovunjika hugeuka shoka au panga. Tupa iliyokwisha meno hugeuka tindo ya kukatia chuma au patasi ya seremala. Nondo iliyobaki kwenye ujenzi hugeuka bawaba au ndoana.

Kabla ya kuchongwa, chuma kigumu hulainishwa. Mhunzi hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, kisha hukifukia ndani ya majivu makavu kipoe polepole hadi kesho yake. Springi ikitoka majivuni hukubali msumeno na tupa. Lakini tupa iliyopashwa moto mkali kisha ikafukiwa katika majivu hayo hayo inaweza kutoka ikiwa na kasoro isiyoonekana kwa macho. Tindo iliyotengenezwa kwayo humeguka ncha inapopigwa nyundo, na kipande kinachoruka kinaweza kumpofua fundi.

Sababu ya tofauti hiyo haimo katika majivu wala katika mkono wa mhunzi peke yake. Imo katika kiasi cha kaboni kilichomo ndani ya chuma, na katika kile kinachojitenga kwanza chuma kinapopoa.

Mchoro wa chuma na kaboni

Feleji, yaani chuma cha pua, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Nondo ya kawaida huwa na kaboni kama asilimia 0.2 ya uzito wake. Springi ya lori huwa na karibu asilimia 0.6. Reli huwa na kati ya asilimia 0.7 na 0.8 hivi. Tupa nzuri huwa na karibu asilimia 1.2. Tofauti hizo ni ndogo zikitajwa kwa namba, lakini ndizo zinazoamua tabia yote ya chuma.

Wataalamu wa metali huonyesha mabadiliko ya feleji kwa mchoro wenye mistari miwili mikuu: mmoja wa joto, mwingine wa kiasi cha kaboni. Mchoro huo hueleza chuma kitakuwa katika hali gani kikipashwa au kupozwa polepole sana, kiasi kwamba kila badiliko hupata muda wa kukamilika. Kupozea majivuni hukaribia hali hiyo, ingawa hakuifikii kabisa.

Chuma kikiwa na joto la kutosha, atomi zake hujipanga kwa namna inayoitwa austenaiti. Mpangilio huo una nafasi za kuipokea kaboni, hivyo kaboni huyeyuka ndani yake kama chumvi katika maji ya moto, ingawa chuma chenyewe bado ni kigumu. Kikipoa, atomi hujipanga upya na kuwa feraiti. Feraiti ni laini, huvutwa na sumaku, na haina nafasi ya kaboni: katika nyuzi joto 727 za Sentigredi huweza kubeba asilimia 0.022 tu.

Kaboni iliyokosa nafasi haipotei. Hujiunga na chuma na kufanya kitu cha tatu kinachoitwa sementaiti, chenye fomula Fe3C. Sementaiti ina kaboni asilimia 6.67. Ni ngumu sana, lakini hupasuka kama kigae ikipigwa.

Kwa hiyo swali la kila kipande cha chuma kilichofukiwa majivuni ni moja: kaboni iliyokuwa imeyeyuka itagawanywa vipi kati ya feraiti iliyo laini na sementaiti iliyo ngumu?

Nukta ya asilimia 0.77

Katika mchoro huo kuna nukta moja ambayo mambo yote huizunguka. Iko kwenye kaboni asilimia 0.77 na joto la nyuzi 727. Huitwa nukta ya yutektoidi. Feleji yenye kaboni kamili kiasi hicho hubaki austenaiti tupu mpaka ifike nyuzi 727, kisha hugawanyika yote kwa pamoja.

Mgawanyiko huo hufanya matabaka membamba, moja la feraiti, jingine la sementaiti, yakifuatana kama karatasi za kitabu. Kaboni husogea mwendo mfupi tu, kutoka tabaka moja hadi la jirani. Muundo huo wa matabaka huitwa pealaiti. Jina hilo linatokana na lulu, kwa sababu uso wa chuma hicho ukisafishwa na kuguswa na asidi hung'aa kama gamba la chaza.

Katika pealaiti, sementaiti ni kama asilimia 11 ya uzito na feraiti ni asilimia 89. Ugumu wa tabaka moja hushikwa na ulaini wa tabaka la pili, hivyo pealaiti ina nguvu bila kuwa na wepesi wa kupasuka kama sementaiti tupu. Ndiyo maana reli, inayobeba magurudumu mazito kwa miaka mingi, hutengenezwa kwa chuma ambacho karibu chote ni pealaiti.

Feleji yenye kaboni pungufu ya asilimia 0.77 huitwa ya chini ya yutektoidi. Nondo na springi zimo katika kundi hilo. Yenye kaboni zaidi huitwa ya juu ya yutektoidi, na tupa ni mfano wake. Makundi yote mawili huishia kwenye pealaiti. Yanachotofautiana ni kile kinachotangulia kujitenga kabla ya nyuzi 727, na mahali kinapokaa.

Springi ndani ya majivu

Chukua kipande cha springi chenye uzito wa kilo 1 na kaboni asilimia 0.6. Ndani yake mna gramu 6 za kaboni. Kikipashwa hadi nyuzi 800 chote huwa austenaiti, na gramu zote 6 zimeyeyuka.

Kikianza kupoa majivuni, hakuna kinachotokea mpaka joto lishuke karibu na nyuzi 750. Hapo chembe za feraiti huanza kuota kwenye mipaka ya chembe za austenaiti. Kwa kuwa feraiti haiwezi kubeba kaboni, huisukumia kwenye austenaiti iliyobaki. Kadiri feraiti inavyoongezeka, ndivyo austenaiti inayobaki inavyopungua na kuwa na kaboni nyingi zaidi, hadi inapofika asilimia 0.77 katika nyuzi 727. Hapo austenaiti yote iliyobaki hugeuka pealaiti.

Kiasi cha kila kimoja hupatikana kwa hesabu ya mizani. Umbali kutoka 0.6 hadi 0.77 ni 0.17. Umbali wote kutoka 0.022 hadi 0.77 ni 0.748. Ukigawa 0.17 kwa 0.748 unapata karibu 0.227. Kwa hiyo feraiti iliyotangulia ni gramu 227, na pealaiti ni gramu 773.

Hesabu hiyo inaweza kuhakikiwa. Asilimia 0.77 ya gramu 773 ni gramu 5.95 za kaboni. Asilimia 0.022 ya gramu 227 ni gramu 0.05. Jumla yake ni gramu 6, sawasawa na kaboni iliyokuwamo mwanzoni.

Feraiti hiyo ya gramu 227 imekaa kwenye mipaka ya chembe, ikiizunguka pealaiti kama udongo wa kujengea unavyozunguka matofali. Kwa kuwa feraiti ni laini na hukubali kunyumbuka, haidhuru chochote. Chuma kikipigwa, mipaka hiyo hukunjika kabla ya kupasuka. Majivu yamefanya kazi yaliyokusudiwa kufanya.

Tupa ndani ya majivu hayo hayo

Sasa chukua kipande cha tupa cha kilo 1 chenye kaboni asilimia 1.2, yaani gramu 12. Ili kaboni yote iyeyuke ndani ya austenaiti, joto linatakiwa lipande hadi kati ya nyuzi 860 na 900. Mhunzi aliyezoea kuifanya springi iwe nyekundu yenye kung'aa huweza kufika huko kwa urahisi.

Kikianza kupoa, mambo huenda kinyume. Austenaiti hapa ina kaboni nyingi kuliko inavyoweza kuendelea kuibeba, kwa hiyo kinachotangulia kujitenga ni sementaiti. Huota kwenye mipaka ya chembe na kuivuta kaboni kutoka pande zote. Austenaiti inayobaki hupungukiwa na kaboni, hadi nayo inafika asilimia 0.77 katika nyuzi 727 na kugeuka pealaiti, ile ile iliyopatikana katika springi.

Kwa hesabu ya mizani, umbali kutoka 0.77 hadi 1.2 ni 0.43, na umbali kutoka 0.77 hadi 6.67 ni 5.90. Ukigawa unapata karibu 0.073. Sementaiti iliyotangulia ni gramu 73 tu, na pealaiti ni gramu 927. Sementaiti hiyo imebeba gramu 4.86 za kaboni na pealaiti gramu 7.14, jumla gramu 12.

Gramu 73 katika kilo nzima zinaonekana kuwa chache. Lakini hazikutawanyika. Zimejitandaza kama utando mwembamba kwenye mipaka ya chembe, na utando wa chembe moja umeungana na wa jirani yake hadi kufanya wavu mmoja unaopita ndani ya kipande chote. Ufa ukianza mahali popote, umekwisha kupata njia. Huufuata wavu huo kutoka chembe hadi chembe bila kulazimika kuikata pealaiti yenye nguvu. Hicho ndicho kinachotokea tindo inapomeguka ncha.

Kadiri tupa ilivyopashwa moto mkali na kwa muda mrefu, ndivyo chembe za austenaiti zilivyokua. Chembe kubwa zina mipaka michache, hivyo utando huwa mnene zaidi na hatari huongezeka.

Sumaku husema nusu ya ukweli

Mafundi wengi hupima joto kwa sumaku. Feraiti huvutwa na sumaku na austenaiti haivutwi. Kwa springi kipimo hicho ni kizuri, kwa sababu sumaku hukataa pale feraiti ya mwisho inapokwisha, karibu na nyuzi 750. Mhunzi akiongeza joto kidogo tu juu ya hapo, anajua kwamba austenaiti imekamilika.

Kwa tupa, sumaku hukataa mapema, mara baada ya nyuzi 727, pealaiti inapokuwa austenaiti. Lakini wavu wa sementaiti bado upo. Hautayeyuka mpaka joto lipande nyuzi zaidi ya 100 juu ya hapo, na sumaku haina namna ya kuonyesha jambo hilo. Tupa yenye kasoro inaweza kupimwa kwa sumaku, ikapozwa ghafla kwa maji ili iwe ngumu, na wavu ukabaki ndani yake vile vile.

Kuna ishara nyingine inayoonekana kwa macho, hasa karakana inapokuwa na giza. Chuma chekundu kinachopoa hufifia polepole, kisha ghafla huonekana kung'aa tena kwa muda mfupi kabla ya kuendelea kufifia. Pealaiti inapojijenga hutoa joto, na mng'ao huo ni joto hilo. Ukionekana, mgawanyiko unatendeka wakati huo huo.

Namna ya kuutambua na kuuvunja wavu

Karakana isiyo na vifaa inaweza kuanza kwa kuvunja kipande kidogo cha majaribio. Chuma chenye afya huonyesha uso wa kijivu wenye chembe laini zisizohesabika kwa macho. Chembe kubwa zinazometa, na kuvunjika bila kukunjika hata kidogo, ni dalili kwamba chuma kilipashwa moto kupita kiasi.

Uthibitisho hupatikana kwa hadubini. Kipande husuguliwa kwa msasa mpaka king'ae kama kioo, kisha huguswa na spiriti yenye asidi ya naitriki kiasi cha asilimia 2. Pealaiti huwa nyeusi, kwa kuwa matabaka yake ni membamba mno. Feraiti hubaki nyeupe. Tatizo ni kwamba sementaiti nayo hubaki nyeupe, na mwanafunzi anaweza kuuona wavu mweupe asijue ni upi kati ya hiyo miwili. Wavu wa feraiti kwa kawaida ni mnene na una mabonge, na ncha ya sindano huukwaruza. Wavu wa sementaiti ni mwembamba kama uzi, na sindano huteleza juu yake.

Tupa iliyoharibika hivyo haihitaji kutupwa. Hupashwa tena mpaka wekundu mwangavu wa karibu nyuzi 900, kwa muda mfupi, ili wavu uyeyuke. Kisha huachwa ipoe hewani badala ya majivuni. Hewani kipande chembamba hupita katika nyuzi za hatari haraka, na sementaiti hukosa muda wa kujitandaza. Baada ya hapo, ikiwa inatakiwa kulainishwa, hupashwa mara ya pili hadi karibu nyuzi 750 tu na kufukiwa majivuni. Katika joto hilo mabaki ya sementaiti hukatikakatika na kuelekea kuwa vipande vya mviringo vilivyotawanyika, ambavyo haviupi ufa njia.

Inapokuja hatua ya kuifanya ngumu kwa maji au mafuta, tupa hupozwa kutoka karibu nyuzi 770. Haipandishwi hadi 900 kama ilivyokuwa kwa kuvunja wavu. Sementaiti ya mviringo inayobaki haidhuru. Husaidia makali yasilike upesi. Kisha hupashwa kidogo mpaka uso uliosafishwa uonyeshe rangi ya zambarau, ili ncha isiwe na wepesi wa kumeguka.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, baadhi ya tupa za bei nafuu ni chuma chenye kaboni kidogo kilichoongezewa kaboni usoni tu. Ikivunjwa, huonyesha ukingo wa kijivu laini na kiini chenye chembe kubwa. Hiyo haifai kwa tindo. Pili, mchoro unazungumzia chuma na kaboni peke yake, ilhali springi za malori huwa na manganizi, kromu au silikoni. Manganizi na kromu huisogeza nukta ya yutektoidi upande wa kaboni pungufu. Kwa sababu hiyo springi halisi huwa na pealaiti zaidi ya gramu 773 zilizopatikana kwa hesabu, na ikipozwa hewani badala ya majivuni pealaiti huongezeka zaidi.

Chuma cha kale kinavyosomwa

Elimu hiyo hiyo ndiyo inayotumika kusoma chuma cha zamani cha eneo hilo. Kabla ya chuma chakavu cha magari, wahunzi wa Warongo, kundi lililokusanya mafundi wa makabila mbalimbali, waliyeyusha mawe ya chuma katika maeneo ya Biharamulo na Geita, na majembe ya Uzinza yaliuzwa hadi Unyamwezi. Kaskazini zaidi, kwa Wahaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya tanuri za kale huko Katuruka na Kemondo, na kuwashirikisha wazee waliokumbuka kazi hiyo katika uyeyushaji wa majaribio. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba tanuri za Wahaya zilitoa feleji moja kwa moja, zikisaidiwa na hewa iliyopashwa ndani ya mirija ya udongo.

Hoja ya hewa iliyopashwa ilipingwa baadaye na wataalamu wengine, akiwemo David Killick aliyeandika mwaka 1996. Lakini pande zote mbili husoma chuma kwa njia moja, nayo ni kuangalia pealaiti. Katika chuma kilichopoa polepole, kipande ambacho nusu yake ni pealaiti na nusu ni feraiti kina kaboni karibu asilimia 0.4. Kilicho pealaiti tupu kina karibu asilimia 0.8. Chenye wavu mwembamba wa sementaiti kimevuka hapo.

Bonge la chuma lililotoka katika tanuri ya mkaa halina kaboni sawa kila mahali. Upande mmoja unaweza kuwa karibu feraiti tupu na upande wa pili ukawa pealaiti, kutegemea mahali ulipogusana na mkaa. Mhunzi alilazimika kulikunja na kulifua mara kwa mara ili kulisawazisha.

Usomaji huo una mpaka wake. Kipande kikishapashwa upya na kupozwa ghafla kwa maji, pealaiti hutoweka na hesabu ya mizani haifanyi kazi tena. Hapo kiasi cha kaboni hutafutwa kwa vipimo vya kemia, au chuma hurudishwa kwenye moto, kikapozwa polepole, na kusomwa upya.